Kutoka "Dear" hadi "Yours sincerely": mkato, nukta na herufi kubwa katika barua pepe za Kiingereza

Wengi wetu tunaandika salamu ya barua pepe ya Kiingereza kwa mazoea, halafu tunaandika kimalizio kwa mazoea mengine, kana kwamba mistari hiyo miwili haijuani. Inajuana. Jinsi ulivyomtaja mtu pale juu ndiyo inayoamua utamuagaje chini, na alama uliyoweka baada ya jina lake ndiyo inayoamua alama utakayoweka kabla ya jina lako.

Tuchukue barua moja tuitengeneze kutoka juu hadi chini. Majina ni ya mfano tu. Juma Salim Kombo yuko Tanga, ameona tangazo la kazi ya mhasibu msaidizi katika shirika lililoko Nairobi. Tangazo linasema maombi yatumwe kwa Neema Joseph Mushi. Juma ameandika hivi:

```
Subject: RE: APPLICATION FOR A JOB.

Dear madam Neema.
i saw your advert for an Accounts Assistant.
Looking forward to hearing from you,
Your's Faithfully
JUMA S. KOMBO.
```

Kiingereza chake kinaeleweka na hakuna atakayeshindwa kujua anataka nini. Lakini karibu kila mstari una alama au herufi iliyokaa pasipo pake, na kila kosa lina chanzo chake. Tuyafuate moja moja.

Hatua ya kwanza: chagua Uingereza au Marekani

Kabla ya kuandika neno, amua unafuata mtindo gani. Shule za Tanzania, Kenya na Uganda zinafundisha mtindo wa Uingereza, ila kompyuta na simu tunazotumia mara nyingi zimewekwa Kiingereza cha Marekani. Hapo ndipo barua nyingi hupata sura ya nusu kwa nusu.

Tofauti ya kwanza ni nukta kwenye vifupisho vya heshima. Mwingereza anaandika "Mr", "Mrs", "Ms" na "Dr" bila nukta. Sababu yake ni kwamba kifupisho kinachoishia na herufi ya mwisho ya neno lenyewe hakihitaji nukta: "Doctor" inaanza na D na kuishia na r, na "Dr" ina zote mbili. "Prof." imekatwa katikati, herufi yake ya mwisho haimo, kwa hiyo wengi huiachia nukta. Mmarekani hana hesabu hizo. Yeye huweka nukta kote: "Mr.", "Mrs.", "Ms.", "Dr." Neno "Miss" ni neno zima, halipati nukta popote.

Tofauti ya pili ni alama inayofuata jina. Katika barua rasmi ya Kimarekani, baada ya jina huja nukta mbili, na mkato huachiwa barua za kirafiki na barua pepe nyingi za kila siku. Uingereza nukta mbili hazitumiki hapo kabisa. Ni mkato, au hakuna kitu.

```
Dear Ms Mushi,
Dear Ms. Mushi:
```

Mstari wa kwanza ni wa Uingereza, wa pili ni barua rasmi ya Marekani. Utajuaje mwenzako yuko upande gani? Soma tangazo lake. Akiandika "organisation" na "programme", fuata Uingereza. Akiandika "organization" na "program", pengine ni Marekani, ingawa "organization" peke yake haitoshi kuwa ushahidi kwa kuwa hata Uingereza wapo wanaoiandika hivyo. Ukikosa dalili, baki na mtindo uliofundishwa shuleni na uushike mpaka mwisho. Juma anaandikia Nairobi, kwa hiyo ni Uingereza.

Hatua ya pili: tafuta jina la kuandika

Hapa ndipo pagumu kuliko pote, kwa sababu majina yetu hayakupangwa kwa ajili ya fomu za Kiingereza.

Kanuni ya Kiingereza ni kwamba "Mr", "Ms" na "Dr" hufuatwa na jina la ukoo, yaani jina la mwisho. Sisi katika mazungumzo tunasema "Mister Joseph" na "Madam Neema", na hakuna anayeona ajabu. Ukiyapeleka maandishini kwa mtu aliyezoea kanuni ile nyingine, anaona umeshika jina lisilo lake. "Madam" kwa Kiingereza cha maandishi husimama peke yake baada ya "Dear", au huambatana na cheo, kama "Madam Speaker" wa bunge. Haiambatani na jina la mtu. Na "Sir" ikiwekwa mbele ya jina la kwanza ni mbaya zaidi, maana hiyo ni heshima anayopewa mtu na mfalme wa Uingereza.

Kwa Mtanzania mwenye majina matatu, la kwanza ni lake, la kati ni la baba yake, na la mwisho, liwe la babu au la ukoo, ndilo linalochukuliwa kama jina la ukoo. Neema Joseph Mushi ni "Ms Mushi". Ni "Ms" kwa sababu Juma hajui kama ameolewa wala haimhusu. Lakini angalia sahihi za barua pepe kwa makini, kwani mifumo mingine ya ofisi huweka jina la ukoo mbele. Ukiona "MUSHI Neema", neno lililoandikwa lote kwa herufi kubwa ndilo la ukoo.

Kama jina halikuambii jinsia, usibahatishe. Acha "Mr" na "Ms", andika majina mawili:

```
Dear Neema Mushi,
```

Kuna watu ambao kanuni ya jina la mwisho haiwahusu kabisa. Waethiopia hawana jina la ukoo kwa maana hiyo. Jina linalofuata la kwanza ni la baba. Ndiyo maana mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, anaitwa "Dr Tedros" na shirika lake lenyewe, na hakuna aliyekosea. Ukimwandikia mtu wa Addis Ababa, cheo na jina la kwanza ndiyo heshima.

Vyeo vya kwetu navyo vinahitaji kupimwa. Ndani ya Tanzania "Eng." mbele ya jina ni kawaida, na Kenya utaona hata "CPA" ikitangulia jina la mhasibu. Barua ikibaki Afrika Mashariki, vitumie kama mwenyewe anavyovitumia kwenye sahihi yake. Ikienda Ulaya, viache. Na usirundike mbele na nyuma kwa pamoja: "Dear Dr Mushi, PhD" inamwita mtu daktari mara mbili. Kwa profesa, andika neno zima, "Professor", likifuatwa na jina la ukoo.

Ukikosa jina kabisa, una "Dear Sir or Madam," au "Dear Sir/Madam,". Mkwaju hauna nafasi kushoto wala kulia. Katika barua ya kuomba kazi mimi napendelea "Dear Hiring Manager," kwa sababu angalau inamlenga mtu anayefanya kazi fulani, lakini zote ni sahihi.

Hatua ya tatu: andika salamu yenyewe

Herufi kubwa kwenye salamu zina kanuni fupi: neno la kwanza na majina yote, yakiwemo maneno yanayosimama badala ya jina. Kwa hiyo "Dear" ina D kubwa kwa kuwa ni ya kwanza, na "Sir", "Madam", "Hiring Manager" na "Colleagues" zina herufi kubwa kwa kuwa zimekaa mahali pa jina. "Dear sir" ni kosa, na "Dear madam" ya Juma ni kosa hilohilo. Neno "all" si jina, ndiyo maana "Dear all," yenye a ndogo ndiyo ninayoishauri, japo "Dear All," imejaa maofisini na haitamkera mtu.

Ukianza na "Good morning", neno la pili linabaki na herufi ndogo. "Good Morning" yenye M kubwa ni kama kichwa cha habari. Salamu haiandikwi hivyo.

Sasa mkato. Baada ya jina, weka mmoja:

```
Dear Ms Mushi,
Dear Sir or Madam,
Good morning Ms Mushi,
Hi Neema,
```

Nukta haiwekwi. Juma aliandika "Dear madam Neema." akifunga mstari kama sentensi, lakini hakuna sentensi pale; hakuna kitenzi.

Kati ya "Dear" na jina hakuna mkato kamwe, kwa sababu "Dear" ni kivumishi kinacholisifu jina hilo. "Hi", "Hello" na "Good morning" ni suala jingine. Hizo ni salamu zinazojitegemea, na sarufi kali inataka mkato kati ya salamu na anayesalimiwa. Anayeifuata huandika hivi:

```
Hi, Neema.
Good morning, Ms Mushi.
```

Hapo mstari unaishia kwa nukta, maana ukiweka mikato miwili mstari unaonekana umekatwakatwa. Mtindo huu ni sahihi. Lakini barua nyingi sana za kazini huacha mkato wa katikati na kubaki na ule wa baada ya jina, na ndivyo ninavyoshauri: inafanana na "Dear Ms Mushi," na hutalazimika kufikiria kila mara. Alama ya mshangao, "Hi Neema!", iachie watu mnaofahamiana.

Upo mtindo mwingine wa Uingereza ambao hauweki alama yoyote baada ya salamu. Makampuni mengi huko huutumia katika barua za kupigwa chapa, na ukiuona usidhani mwandishi amesahau. Sharti lake ni moja tu: usipoweka mkato juu, usiweke chini. Ukiweka juu, weka chini. Kuwa na "Dear Ms Mushi" bila mkato, halafu "Yours sincerely," yenye mkato, ndiko kunakoonyesha kwamba mwandishi hakuamua. Mmarekani anayetumia nukta mbili juu yeye hutumia mkato chini, na kwake hiyo ndiyo jozi.

Ukiwaandikia wawili, unganisha kwa "and" na kila mmoja apate cheo chake: "Dear Ms Mushi and Mr Otieno,". Wakiwa zaidi ya watatu, "Dear all," au "Dear Colleagues," inatosha.

Hatua ya nne: mstari wa mada na mstari wa kwanza

Juma ameweka "RE:" kwenye mstari wa mada. Amefundishwa hivyo, na mwalimu wake hakukosea, kwani katika barua ya karatasi kichwa kinachoanza na "RE:" hukaa chini ya salamu kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari. Barua pepe imekitumia kifupisho hicho kwa kazi nyingine. Programu huweka "Re:" yenyewe mtu anapobonyeza kitufe cha kujibu. Kwa hiyo barua mpya yenye "RE:" inaonekana kama jibu la mazungumzo ambayo Neema hakumbuki kuyaanzisha. Kichwa cha barua yako kimeshahamia kwenye mstari wa mada, usikirudie ndani.

Mstari wa mada hauishii kwa nukta, na hauandikwi wote kwa herufi kubwa. Jina la kazi libaki na herufi kubwa kama lilivyo kwenye tangazo:

```
Subject: Application for Accounts Assistant
```

Baada ya salamu, ruka mstari mmoja, halafu anza na herufi kubwa. Wengine huona mkato pale juu wakafikiri sentensi inaendelea, wakaanza na herufi ndogo. Kwa Kiingereza haiendelei. Na "I" ya nafsi ya kwanza ni kubwa mahali popote, hata katikati ya sentensi.

Jambo hili lawachanganya hasa wenzetu walioko Ujerumani, kwa sababu huko mkato wa salamu unamaanisha kweli sentensi inaendelea. Baada ya "Sehr geehrte Frau Müller," neno linalofuata huanza na herufi ndogo, isipokuwa ni nomino au neno jingine ambalo Kijerumani hulipa herufi kubwa siku zote. Na kimalizio chao, "Mit freundlichen Grüßen", hakipati mkato. Anayeandika lugha zote mbili kwa siku moja akumbuke kubadili yote mawili, juu na chini.

Hatua ya tano: kimalizio

Kabla ya kimalizio huwa kuna sentensi ya kuaga. Hiyo ni sentensi kamili na inaishia kwa nukta. Juma ameandika "Looking forward to hearing from you," akaifunga kwa mkato, na sasa haijulikani kama ni sentensi au ni kimalizio. Ipe kitenzi chake na nukta yake: "I look forward to hearing from you." Ni vivyo hivyo kwa "Thank you in advance." Kitu chenye kiima na kitenzi, au shukrani inayosimama peke yake katika aya, hufungwa kwa nukta. Kimalizio hufungwa kwa mkato.

Mkato huo una historia, na ukiijua hutausahau. Zamani barua za Kiingereza ziliisha kwa sentensi moja ndefu iliyoteremka hadi kwenye jina la mwandishi, kitu kama hiki:

```
I remain, Sir,
yours faithfully,
J. Kombo
```

Jina lilikuwa sehemu ya sentensi, na mkato ulilitenganisha na maneno yanayolitangulia. Siku hizi mwanzo wa sentensi ile umedondoka, mkia ukabaki. Ndiyo maana kimalizio kina mkato badala ya nukta, na ndiyo maana neno lake la kwanza tu ndilo lenye herufi kubwa: ni kipande cha sentensi ya kawaida, hakuna jina la mtu wala la mahali ndani yake.

```
Yours sincerely,
Yours faithfully,
Kind regards,
Best wishes,
With many thanks,
```

"Kind Regards", "Best Regards" na "Yours Sincerely" zenye herufi kubwa mbili zimeenea mno, hata kwa wakurugenzi. Uenezi wake haukuzifanya kuwa kanuni. Chanzo chake, nadhani, ni kwamba kimalizio hukaa peke yake kwenye mstari na jicho hukiona kama kichwa cha habari.

Kuchagua kati ya "sincerely" na "faithfully" kunategemea hatua ya pili tuliyokwisha kuifanya. Kwa mtindo wa Uingereza, ukimtaja mtu kwa jina, unaaga kwa "Yours sincerely,". Usipomtaja, yaani "Dear Sir or Madam," au "Dear Hiring Manager,", unaaga kwa "Yours faithfully,". Juma alimtaja Neema kwa jina halafu akaaga kwa "faithfully", kwa hiyo jozi yake imevunjika. Marekani hawana ugomvi huo. Wanaandika "Sincerely," au "Sincerely yours," kwa wote.

"Regards" ni nyepesi kuliko zote mbili. Inafaa kwa watu mnaoandikiana mara kwa mara. Peke yake, "Regards,", wengine huiona kavu kidogo, ndiyo maana huongezewa "Kind" au "Best" mbele. S ya mwisho haiondolewi: "Kind regard" ni kosa. Na "Thanks & Regards" iandikwe "Thanks and regards," kwa r ndogo na neno "and" lililoandikwa zima.

Halafu ritifaa. "Your's" haipo katika Kiingereza. "Yours" ni kimilikishi kama "hers", "ours" na "theirs", na hakuna hata kimoja katika hivyo kinachobeba ritifaa. Kosa hili hutokea kwa sababu majina ya watu yanaibeba, kama "Juma's", na mkono unadhani vimilikishi vyote ni ndugu. Kikaguzi cha tahajia mara nyingi hukipigia mstari mwekundu. Ukiuona chini ya "Your's", uamini. Hakikamati "Yours faithful" wala "Your sincerely", kwa kuwa maneno yote hayo yapo katika Kiingereza peke yake, kwa hiyo hapo ni macho yako tu.

Hatua ya sita: jina na sahihi

Kwenye karatasi huachwa nafasi ya mistari kadhaa kwa ajili ya kutia saini kwa kalamu. Kwenye barua pepe nafasi hiyo haina kazi. Jina lije mstari unaofuata kimalizio, bila nukta mwishoni, kwa herufi za kawaida: "Juma Kombo", au "Juma S. Kombo" ambapo nukta ni ya kifupisho cha Salim. "JUMA S. KOMBO." ni urithi wa fomu za serikali zinazosema jina liandikwe kwa herufi kubwa. Barua haikusema hivyo. Wala mwandishi hajipi "Mr" mwenyewe. Kama anahofia jinsia yake haitajulikana, anaweza kuiongeza kwenye mabano baada ya jina.

Wengi wana sahihi iliyohifadhiwa, inayojibandika yenyewe chini ya kila barua. Kama umeandika "Kind regards," ndani ya sahihi hiyo, kila barua itakuwa na vimalizio viwili, ulichoandika kwa mkono na kilichojibandika, na mara nyingi kimoja ni "Yours faithfully," na kingine "Best Regards". Kwenye Gmail ya kompyuta fungua `Settings`, kisha `See all settings`, shuka hadi `Signature`, ufute kimalizio ukiacha jina, cheo na namba ya simu. Kimalizio lazima kibadilike kwa kila barua kulingana na salamu, hivyo hakifai kukaa mahali pasipobadilika. Simu ina sahihi yake tofauti na ya kompyuta, usisahau kuikagua nayo.

Barua ya Juma sasa imekuwa hivi:

```
Subject: Application for Accounts Assistant

Dear Ms Mushi,

I am writing to apply for the post of
Accounts Assistant. My CV is attached.

I look forward to hearing from you.

Yours sincerely,
Juma Kombo
```

Kabla ya kuituma, soma mistari miwili tu, wa salamu na wa kimalizio, ukiwa umeifumbia macho iliyo katikati. Je, juu kuna jina na chini kuna "sincerely"? Je, juu kuna mkato na chini kuna mkato? Je, kimalizio kina herufi kubwa moja? Kisha linganisha tahajia ya jina la mwenzako na jinsi lilivyo kwenye tangazo, herufi kwa herufi, maana kisahihishaji cha simu hupenda kubadili majina yetu yawe maneno ya Kiingereza.

Ukiandika kwa Kiswahili

Barua rasmi ya Kiswahili inafuata mwendo ule ule kwa sehemu kubwa, ila vifupisho vyetu kwa kawaida hubeba nukta: Bw., Bi., Dkt., Prof., Mhe. Hapa hakuna hesabu ya herufi ya mwisho. Salamu hufungwa kwa mkato, kama "Ndugu Mushi," au "Mheshimiwa,". Kichwa hutanguliwa na "Yah:" Tanzania na "KUH:" au "Mintarafu" Kenya, na kwenye barua pepe navyo vihamie kwenye mstari wa mada. Hata hivyo "Yah:" haiwezi kudhaniwa kuwa ni jibu, kwa hiyo ukiipenda iache.

Ile sentensi ya maofisini, "Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu," huwa inafungwa kwa mkato au inaachwa ikining'inia. Ni sentensi kamili ya kuamuru, inaishia kwa nukta. Mimi ningeifuta kabisa. Chini, "Wako mtiifu," na "Wako mwaminifu," zina W kubwa peke yake, na mkato. "Nakutakia kazi njema." ni sentensi, ina nukta.

Neema akijibu

Tuseme jibu limekuja: "Dear Juma," juu, na "Kind regards, Neema" chini. Amekuita kwa jina la kwanza na amejitaja kwa jina la kwanza, kwa hiyo kwa desturi ya Kiingereza amekuruhusu umwite "Dear Neema,". Mkiwa wote Waafrika Mashariki na yeye ndiye mwenye cheo, hutakosea ukibaki na "Dear Ms Mushi," kwa barua moja zaidi, hasa kama usaili bado. Kimalizio chako kishuke pamoja na chake, kiwe "Kind regards,". Kuendelea na "Yours sincerely," huku yeye ameshalegeza ni kama kubaki umesimama mwenyeji anapokuonyesha kiti.

Akiwa ameaga kwa herufi za mwanzo tu, "N.", usimwite "Dear N.,". Hizo ni zake za kujitaja. Na mkishajibizana mara tatu au nne siku hiyohiyo kuhusu saa ya usaili, salamu inaweza kudondoka kabisa: anza na sentensi, malizia na jina lako. Siku ikibadilika, au akiongezwa mtu mwingine kwenye mazungumzo, rudisha salamu na mkato wake.